Usiweke Sekunde 30: Anga Letu Linakimbia

Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya nyota na swali lile lile: "Buda, mbona nyota zangu zimekuwa vimstari? Ni simu, si ndio?" Wiki hii mmoja ameongeza kwamba ashaenda kuuliza bei ya simu nyingine, ile ya lipa mdogo mdogo ya kukatwa kila siku, kwa sababu amesikia ina kamera kali ya usiku. Picha yake ilikuwa na paa la nyumba ya jirani, limetulia kabisa, hata mikunjo ya mabati unaweza kuhesabu. Juu ya hilo paa kila nyota ilikuwa na mkia mfupi, na mikia yote imelala upande mmoja.

Nilimwambia asilipe hata ile pesa ya kwanza. Simu iliyopiga hilo paa vile haina shida, na hata stendi yake haikutikisika. Aliweka sekunde 30, kwa sababu karibu kila video ya mafunzo inasema weka sekunde 30. Nazipinga hizo video, hasa kwa sisi tunaoishi hapa Ikweta, na hesabu ya kuzipinga ni ndogo, unaifanya kwa kidole.

Dunia inajizungusha, hiyo tulifunzwa praimari. Kutoka hapa chini tunaona ni kama anga ndilo linazunguka, digrii 360 kwa siku moja. Gawanya kwa saa 24 unapata digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kila dakika 4. Sasa chukua simu ya kawaida. Kamera yake kubwa, ile ya 1x, inaona upana wa karibu digrii 67, na picha yake ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4,000 kwa ule upande mrefu. Hiyo ni pikseli 60 kwa kila digrii moja ya anga. Kama nyota inasonga digrii moja kwa dakika 4, basi inapita pikseli 60 kwa sekunde 240. Pikseli moja kila sekunde 4.

Shika hiyo namba, ndiyo kila kitu. Ukiacha shata wazi sekunde 4, nyota imehama pikseli moja tu, na inabaki nukta. Sekunde 10, pikseli mbili na nusu, bado macho hayatagundua. Sekunde 15, karibu pikseli 4, na hapo ukivuta picha utaona nyota imeanza kuwa yai. Sekunde 30 ni pikseli 7 na zaidi, na huo ndio mkia alionitumia yule msee. Hakuna simu ya pesa yoyote inayoweza kuzuia Dunia.

Na usifikiri kampuni kubwa hazijui. Simu za Google Pixel, kuanzia Pixel 4 ya 2019, zina modi ya nyota ambayo inakaa mpaka dakika 4. Watu husikia dakika 4 wakadhani shata imekaa wazi muda wote huo. Hapana. Inapiga vipande visivyozidi 15, kila kimoja kisichozidi sekunde 16, halafu simu yenyewe inavipanga nyota juu ya nyota na kuviunganisha. Waliotengeneza hiyo kitu walikuwa na uwezo wote wa kuandika 30, wakasimama 16.

Sasa kwa nini nasema anga letu? Kwa sababu si nyota zote zinakimbia sawa. Fikiria feni ya dari. Ncha ya panga inapita mbio, lakini karibu na katikati panga linajikokota, ingawa ni feni moja. Anga nalo lina vituo viwili vya kuzungukia, kimoja kaskazini na kimoja kusini, na nyota zilizo mbali zaidi na vituo hivyo ndizo zinapita mbio zaidi. Ukiwa London, vituo hivyo vimekaa kwa namna kwamba anga la utosini linasonga kama thuluthi mbili ya mwendo kamili. Ukiwa Nairobi, ambayo iko kama digrii moja na kidogo tu kusini mwa Ikweta, vituo vyote viwili vimelala chini kwenye upeo wa macho, na juu ya kichwa chako ndipo mbio zilipo kali kabisa. Msee wa London akielekeza simu juu na kuweka sekunde 15, nyota zake zinahama chini ya pikseli mbili na nusu. Wewe hapa kwa sekunde hizo hizo ni karibu nne. Kwa hivyo ukinakili namba zake bila kujua alikuwa wapi, unanakili anga ambalo si lako.

Lakini pia kuna upande wa kutufaa. Geukia kusini Mei, mvua ikipumzika, mida ya saa tatu unusu usiku, na utaona Msalaba wa Kusini umesimama kama digrii 30 juu ya upeo wa macho. Hizo nyota ziko karibu na kituo chake, kwa hivyo mwendo wake ni nusu. Pikseli moja kila sekunde 8. Pale unaweza kukaa sekunde 20 na zaidi kidogo na nyota zikakutii. Simu ni hiyo hiyo, umegeuka tu.

Sasa nikupe kazi moja ya kufanya, na nimechagua ambayo haihitaji hata stendi. Kuna kundi la nyota ambalo Wazungu wanaliita Orioni na Waswahili wa zamani waliliita Jabari. Unalijua hata kama hujui jina: nyota tatu zilizopangwa mstari kama mshipi, na nyota nne kali zinazouzunguka, moja nyekundunyekundu na nyingine nyeupe ya kuelekea bluu. Ile ya katikati ya mshipi inapita juu ya Nairobi karibu kabisa na utosi. Si mchezo, yaani ukisimama wima na kitu kikadondoka kutoka kwa hiyo nyota kingekupata kichwani. Mwisho wa Januari inafika pale juu kama saa tatu unusu usiku, katikati ya Februari kama saa mbili unusu. Na hiyo ndiyo miezi yetu ya kiangazi, mawingu yamepungua. Tofauti na Julai, ambapo kila mtu mtandaoni anaposti Njia ya Maziwa na wewe hapa Nairobi umefunikwa na blanketi la mawingu wiki nzima.

Kwa sababu Jabari iko utosini, simu inaweza kulala tu. Kamera kubwa iko nyuma, kwa hivyo simu inalala kifudifudi, skrini chini. Tafuta vitabu viwili vya unene sawa, viweke sakafuni na nafasi kati yake, halafu simu ikae juu yake kama daraja, kila kitabu kimeshika ukingo mmoja mrefu. Kwa nini nisiseme uilaze tu kwa leso? Kwa sababu simu nyingine zikifunikwa skrini zinadhani ziko mfukoni na zinazima kila kitu. Ukiziinua hivyo, zinapumua.

Panda rufu, au toka uani, popote ambapo taa ya usalama haikumuliki usoni. Pangusa kioo cha kamera kwanza, na usicheke. Mafuta ya vidole mchana huyaoni, lakini usiku yanageuza kila taa kuwa nyanya iliyopondwa.

Fungua kamera, ingia modi ya Pro. Utaona herufi kadhaa. S ni muda wa shata kukaa wazi. ISO ni kiasi ambacho simu inakuza mwanga iliopata. MF ni fokasi ya mkono. WB ni rangi. Tuanze na fokasi kwa sababu ndiyo inaharibu picha nyingi kuliko zote: isukume mpaka kwenye alama ya mlima, halafu hakikisha kwa kuelekeza simu kwenye taa ya mbali sana, kama ya mnara wa simu. Kama taa ni nukta kali, uko sawa. Kama ni duara nene, rudisha kidogo kidogo, kwa sababu kwa simu nyingi ule mwisho wa mstari unapita kidogo pale panapotakikana. Ukishapata, usiguse tena.

WB weka kama 4000 na uiache hapo, ili rangi isirukeruke kati ya picha na picha. Halafu S iwe 4 na ISO iwe 800. Najua umeona watu wakisema ISO 3200. Hao wako Turkana. Ukiwa mtaani Nairobi, mwanga wa taa umepanda mpaka angani, na ukiongeza ISO unaongeza huo mwanga pamoja na nyota. Piga moja uangalie usuli wa picha, yaani ile sehemu isiyo na nyota. Ukiwa mweusi kabisa, panda ISO 1600. Ukiwa wa rangi ya chungwa kama Fanta, shuka. Unataka kijivu cheusi, ambapo nyota zimesimama peke yake.

Mwisho, weka taima ya sekunde 10. Ukibonyeza shata kwa kidole na simu ikaanza hapo hapo, umeipiga kofi wakati inaangalia. Taima inakupa muda wa kubonyeza, kulaza simu juu ya vitabu vyako, na kutoa mkono. Kama una ile taima ya sekunde 3 tu, tumia iyafoni za waya: kwa simu nyingi kitufe cha kuongeza sauti kwenye waya kinapiga picha, na hugusi simu kabisa.

Ukimaliza, vuta picha mpaka uone mshipi. Huo mshipi wa nyota tatu, wenye upana wa digrii 2.7 hivi, utakuwa kama pikseli 160 kutoka nyota ya kwanza hadi ya tatu. Kila nyota iwe nukta ndogo. Chini kidogo ya mshipi, pale ambapo upanga wa Jabari unaning'inia, tafuta kitu kama ukungu. Huo si uchafu wa kamera, ni wingu la gesi ambalo nyota mpya zinazaliwa ndani yake, na simu yako imelipata kwa sekunde 4.

Kama nyota si nukta, usikimbilie dukani. Picha mbaya husema yenyewe inaumwa wapi. Nyota zikiwa vimstari vilivyonyooka, vyote upande mmoja, na paa au mti uliomo pichani umetulia, hilo ni anga limekimbia. Punguza sekunde. Nyota zikiwa na umbo la ajabu, tuseme kama ndoano au herufi z, na kila nyota ina umbo lile lile, na paa nalo limepata kivuli, hapo simu ilitikisika. Nyota zikiwa vibonge vya duara kama vifungo vya shati, hiyo ni fokasi. Na ukiona vidoa vyekundu na vya bluu ambavyo viko mahali pale pale kwa kila picha hata ukigeuza simu, hizo si nyota, ni pikseli za simu zilizochoka na joto. Mambo manne tofauti, na simu mpya haitibu hata moja.

Kuhusu kutikisika, watu hudharau sana. Ukitaka kuelekeza simu upande badala ya juu, stendi ndogo ya mtaani inatosha, mradi miguu uiweke mifupi. Ukiirefusha yote inakuwa antena, upepo kidogo inacheza. Huna stendi? Chukua nusu kilo ya maharagwe, iweke kwenye soksi nzito au mfuko wa kitambaa, ufunge na uache nafasi maharagwe yasogee. Ukiweka simu juu yake na kuibonyeza, maharagwe yanajipanga yanaishika kama kiganja. Naiamini soksi ya maharagwe kuliko stendi nyingi za plastiki, na asubuhi unachemsha stendi yako na githeri. Tatizo lingine ni rufu yenyewe: majirani wakianika nguo, mtu akipanda ngazi, pampu ya maji ikiwaka, slabu inatetemeka na wewe huhisi. Simu inahisi.

Sasa utasema, sekunde 4 ni mwanga kidogo, picha ina chengachenga kama televisheni ya zamani. Ni kweli. Na hapa ndipo watu wanarudi kwenye sekunde 30. Usirudi. Piga picha 16 mfululizo za sekunde 4, bila kubadilisha chochote. Ziunganishe kwa kompyuta, hata ya sayba. Programu ya Sequator ya Windows ni ya bure na inafanya kile kile Pixel inafanya ndani ya simu, kupanga nyota juu ya nyota. Chengachenga hazikai mahali pamoja kutoka picha hadi picha, nyota zinakaa, kwa hivyo ukichukua wastani chengachenga zinafutana. Kwa picha 16 zinapungua mpaka robo. Umepata mwanga wa dakika moja na zaidi, na hakuna nyota iliyohama zaidi ya pikseli moja ndani ya picha yake. Kama modi yako ya Pro inaweza kuhifadhi RAW, washa, ingawa zitakula nafasi, na kama simu yako ina megapikseli 50, achana na ile modi ya 50. Usiku inakupa pikseli ndogo zenye njaa, na kwa sababu ziko nyingi kwa kila digrii, nyota inazipita mara mbili haraka. Zumu ndiyo mbaya zaidi: ukienda 3x, ile sekunde 4 yako inakuwa sekunde moja na kidogo.

Kuna wanaopenda mikia, na sina ubaya nao. Ukitaka mikia basi itake kweli, si mkia wa pikseli saba wa bahati mbaya. Acha simu imefungwa na pawabenki, ipige sekunde 10 mara 180, hiyo ni nusu saa na anga limesonga digrii saba na nusu. Elekeza mashariki na mistari itapanda wima kama mvua inayorudi juu, kwa sababu hapa nyota zinachomoza wima. Elekeza kaskazini chini na utapata nusu duara zinazokaa juu ya ardhi kama upinde, kwa sababu kituo cha kuzungukia kiko kwenye upeo wa macho. Zile picha za Ulaya za duara kamili angani huwezi kuzipata ukiwa Nanyuki, na wao hawawezi kupata hizi zetu.

Usiku wenyewe uchague kwa mwezi. Wiki ya mwezi mpevu hata Magadi kutakuwa na anga la maziwa, na mtaani ndio hakuna kitu. Nenda siku za mwezi mwandamo, au subiri mwezi utue. Na mwezi wenyewe ukitaka kuupiga, sahau haya yote: umepigwa na jua, ni kama kupiga picha mchana, ukiacha shata hata nusu sekunde unapata balbu.

Ukishamaliza Jabari hiyo Februari, kabla hujashuka rufu, inua simu uielekeze kaskazini-magharibi, bado juu sana. Kuna kichane kidogo cha nyota zimebanana. Hiyo ni Kilimia, ile ambayo wakulima walikuwa wanaitazama kujua msimu wa kulima. Kwa simu yako ina upana wa kama pikseli 60 tu. Piga sekunde 4, vuta picha, uhesabu. Ukipata nukta sita zilizoachana, fokasi yako iko sawa na simu ilitulia. Ukipata bonge moja, rudi kwenye ile taa ya mnara.